Uvimbe wa kinenani unaotokea ukikohoa: namna ya kuuchunguza, na saa ambazo hazisubiri

Wagonjwa wa ngiri hawaji hospitali siku ya kwanza. Wengi ninaowaona wamekaa nayo mwaka mzima, wengine kumi. Wameizoea. Wanajua itatoka wakinyanyua ndoo, na wanajua kuirudisha kwa vidole viwili, haraka, kama mtu anayechomekea shati, kisha wanaendelea na kazi. Wengine huiita mshipa, wengine henia, na wengine hawaiiti chochote kwa sababu hawajawahi kumwambia mtu.

Ngiri ya namna hii, inayotoka na kurudi, inakupa muda wa kupanga. Ile iliyotoka ikagoma kurudi haikupi. Tofauti hiyo unaweza kuijua mwenyewe nyumbani bila kifaa chochote, na ndiyo nitakayoieleza hapa kwa kirefu.

Kinachotokea ndani

Ukuta wa tumbo umejengwa kwa tabaka za misuli, lakini kinenani, pale paja linapokutana na tumbo, kuna sehemu dhaifu kwa maumbile. Kwa mwanamume kuna njia nyembamba yenye urefu wa kama sentimita 4, inayopita mshazari ndani ya ukuta huo kuelekea kwenye korodani. Korodani za mtoto wa kiume zilipitia hapo zikishuka kabla hajazaliwa, zikafuatana na kijimfuko cha utando wa tumbo. Kwa kawaida kijimfuko hicho hujifunga. Kisipojifunga, mlango unabaki wazi tangu utotoni. Kwa watu wazima wengine mlango ulifungwa vizuri, ila ukuta wenyewe umelegea kwa umri, kwa kikohozi cha miaka, kwa kujikamua chooni, au kwa kusukuma mkojo unaozuiwa na tezi dume iliyokua.

Ukikohoa au ukinyanyua kitu kizito, presha ya tumbo inapanda ghafla na kilicho karibu na mlango kinasukumwa nje. Mara nyingi ni mafuta ya tumboni au kipande cha utumbo mdogo. Hapo ndipo unapoona uvimbe. Ukilala, presha inashuka na kilichotoka kinarudi.

Sasa fikiria mfuko wenye shingo nyembamba. Utumbo umeingia kwenye mfuko, shingo ikaubana. Mishipa inayorudisha damu ni laini, kwa hiyo hiyo ndiyo inayofungwa kwanza. Damu inaendelea kuingia lakini haitoki. Utumbo unavimba, na kadiri unavyovimba ndivyo shingo inavyoubana zaidi, mpaka hata damu inayoingia inakatika. Utumbo unageuka kuwa wa zambarau, kisha mweusi, kisha unatoboka. Yote haya yanaweza kutokea kwa saa chache. Baada ya saa sita hivi za kukosa damu, utumbo unaweza kuwa umekwisha kufa. Hii ndiyo tunayoiita ngiri iliyonyongwa.

Kwa hiyo ukubwa wa uvimbe haupimi hatari. Nimeona ngiri kubwa kama embe, yenye mlango mpana, inayoingia na kutoka miaka nenda rudi bila balaa. Na nimeona uvimbe wa ukubwa wa zabibu, wenye shingo kama tundu la kifungo, ukampeleka mtu chumba cha upasuaji usiku uleule.

Jichunguze hivi

Fanya uchunguzi huu siku ambayo huna maumivu makali. Kama uvimbe unauma sana na ni mgumu, acha kusoma hapa, ruka hadi sehemu ya dalili za ngiri iliyonyongwa.

Simama wima, umevua nguo za chini, mbele ya kioo kama unacho. Ngiri nyingi ndogo hazionekani mtu akiwa amelala, ndiyo maana daktari akikuchunguza kitandani tu anaweza kukuambia huna kitu. Angalia pande zote mbili za kinena na ulinganishe. Kisha geuza uso pembeni, ukohoe kwa nguvu mara mbili tatu huku macho yako yakiwa kinenani. Ngiri hutokeza kikohozi kinapotoka, halafu inanywea.

Weka vidole vitatu, vikiwa vimelala, juu ya sehemu unayoitilia shaka. Usibonyeze. Kohoa tena. Ukiwa na ngiri utahisi kitu kikigonga vidole kutoka ndani na kuvisukuma nje, kama mtu anayebisha hodi nyuma ya pazia. Msukumo huu ukiwa pamoja na uvimbe unaokua papo hapo ndiyo alama ya ngiri. Mtikisiko mdogo unaosikika pande zote mbili sawasawa ni wa kawaida, kila mtu anao.

Angalia pia uvimbe uko wapi ukilinganisha na mkunjo wa paja. Ukiwa juu ya mkunjo, na kwa mwanamume ukielekea kwenye mfuko wa korodani, huenda ni ngiri ya kinena, ile inayowapata wanaume kwa wingi. Ukiwa chini ya mkunjo, juu kabisa ya paja upande wa ndani, inaweza kuwa ngiri ya paja. Hii huwapata zaidi wanawake, hasa waliokwisha kuvuka umri wa kuzaa, na ni ndogo, ngumu kuiona, na hunyongwa kwa urahisi kuliko ile ya juu. Mwanamke mwenye uvimbe wa aina hii asisubiri mpaka uanze kuuma.

Mwisho, lala chali, kunja magoti, tulia. Hesabu dakika tano. Je, uvimbe umeingia wenyewe? Kama haujaingia, uusukume taratibu kwa viganja, kuelekea juu na nje, kule ulikotokea, bila nguvu. Utumbo ukirudi huguruma kidogo, watu wengi huusikia kabisa. Ukirudi, sawa. Ukikataa, usishindane nao. Uvimbe ambao siku zote ulirudi na leo umekataa unahitaji kuonekana leo, hata kama haujaanza kuuma.

Ningependa kila mwenye ngiri ajue tabia ya ngiri yake: inatoka saa ngapi za siku, inafikia ukubwa gani, inarudi kwa muda gani akilala. Siku itakapobadilika utaitambua kwa sababu unajua ilivyokuwa jana.

Uvimbe mwingine unaofanana

Mtoki ni tezi iliyovimba, aghalabu kwa sababu ya kidonda mguuni au maambukizi ya sehemu za siri. Ni mgumu, unauma ukiubonyeza, haukui ukikohoa na haupotei ukilala. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Ukishika juu yake unaweza kuzungusha vidole ukafika mwisho wa uvimbe na kuhisi mishipa ya juu tu, ilhali ngiri iliyoshuka kwenye korodani haina mwisho huo, shina lake linaendelea kupanda kinenani. Mshipa wa damu wa paja uliotanuka nao hupotea ukilala, lakini ni laini mno na mara nyingi huambatana na mishipa iliyovimba mguuni.

Mmoja usiuchukulie polepole: kijana anayepatwa ghafla na maumivu makali ya korodani moja, imevimba na imepanda juu. Huenda korodani imejisokota, na nayo ina saa chache tu za kuokolewa.

Dalili za ngiri iliyonyongwa

Nitakueleza kisa cha mgonjwa mmoja, mwashi wa miaka 52, saa kwa saa, kwa kuwa dalili hizi haziji zote kwa pamoja.

Alikuwa na uvimbe wa kulia kwa miaka sita. Kila jioni akilala ulirudi. Siku hiyo, saa kumi jioni, aliinua mfuko wa saruji na akasikia kitu kimeteleza. Uvimbe ulitoka ukiwa mkubwa kuliko kawaida, kama yai. Alijilaza kwenye mkeka, haukurudi. Akausukuma, ukauma. Ulikuwa umekakamaa, na alipokohoa haukutikisika tena. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, na kwa kweli ilitosha. Ngiri iliyobanwa shingoni hukosa ule msukumo unaogonga vidole wakati wa kikohozi, kwa sababu mlango umezibwa.

Saa kumi na mbili maumivu yalianza kuzunguka kitovu, yakija na kuachia kama mawimbi. Huo ni utumbo unaojaribu kusukuma chakula kupita mahali palipozibwa. Saa mbili usiku alitapika ugali wa mchana. Saa nne akatapika maji ya kijani. Tumbo lilianza kujaa, na tangu jioni hakuwa ametoa hewa wala choo. Nyumbani wakadhani amefunga choo, wakampa dawa ya kuharisha. Mke akamkanda uvimbe kwa maji ya moto na kumsugua ili urudi.

Saa sita usiku maumivu yalipungua. Mkewe aliniambia baadaye, "Daktari, tulimshukuru Mungu. Tulijua imetulia, tukalala."

Kwenye ngiri iliyonasa, nafuu ya ghafla bila uvimbe kurudi si nafuu. Utumbo unaokufa huacha kuuma kwa muda kabla sumu haijasambaa. Nafuu ya kweli ni ile ambayo uvimbe umeondoka kabisa, tumbo limelainika na mtu anatoa hewa.

Alifika kwetu saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na tatu tangu uvimbe ulipotoka. Mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika, midomo imekauka, ana homa. Ngozi juu ya uvimbe ilikuwa nyekundu na kung'aa, na nilipoweka kidole tu aliruka. Tulipofungua, sentimita 20 za utumbo mdogo zilikuwa nyeusi na zimelegea, hazichezi, hazipitishi damu. Tulizikata na kuunga ncha mbili. Alipona, lakini alilala wodini siku tisa. Angefika jioni ile, saa kumi na mbili, huenda tungeurudisha utumbo ukiwa mzima na angeondoka baada ya siku mbili.

Kwa hiyo, mtu mwenye uvimbe kinenani anapaswa kupelekwa hospitali yenye chumba cha upasuaji papo hapo akipata mojawapo ya haya: uvimbe uliokuwa ukirudi umegoma, umekuwa mgumu na unauma ukiguswa; au uvimbe unaouma pamoja na kutapika; au tumbo linajaa na hapati hewa wala choo; au ngozi ya juu yake imebadilika rangi; au ana homa na moyo unakimbia. Usingoje zikamilike.

Kuna mtego mmoja hapa ambao hata sisi wahudumu wa afya hutunasa. Wakati mwingine shingo ya ngiri hubana upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo, si mzingo wake wote. Njia ya chakula inabaki wazi. Mgonjwa anapata choo, anatoa hewa, hata hatapiki mwanzoni, na bado kile kipande kilichobanwa kinakufa. Hutokea zaidi kwenye ngiri ndogo za paja. Kupata choo hakufuti hatari kama uvimbe bado ni mgumu na unauma.

Na kuna wanaofika bila kulalamikia uvimbe kabisa. Namkumbuka mama mmoja wa miaka sabini na kitu aliyetibiwa vidonda vya tumbo kwa siku mbili mahali pengine kwa sababu alikuwa akitapika. Nilimwambia, "Mama, naomba nikuangalie na kinenani." Akajibu, "Huko hakuna kitu, mwanangu." Kulikuwa na kidonge kigumu kama njugu chini ya mkunjo wa paja la kulia, na ndicho kilichokuwa kikimtapisha. Hakuna aliyemvua nguo akaangalia. Kama una mzazi anayetapika na tumbo limejaa, mwombe aangaliwe kinenani pande zote mbili, hata akiona haya. Mwombe mhudumu wa jinsia yake kama hilo litamsaidia kukubali.

Wakati unajiandaa kwenda hospitali

Mlaze mgonjwa chali, magoti yamekunjwa, na mto chini ya makalio ili kinena kiwe juu kidogo kuliko kifua. Mlalo huu peke yake wakati mwingine hurudisha utumbo. Asile wala asinywe chochote, hata uji au chai, kwa sababu huenda akapewa nusu kaputi, na tumbo lililojaa huweza kumwaga matapishi mapafuni. Dawa ya kuharisha na bomba la kusafisha choo vinaongeza msukumo juu ya utumbo uliozibwa. Maji ya moto huongeza uvimbe. Mkanda wa ngiri usifungwe juu ya uvimbe ambao haujarudi.

Kusukuma kwa nguvu ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote. Unaweza kuupasua utumbo uliokwisha kulainika. Au unaweza kuusukuma mfuko mzima ndani, pamoja na shingo inayoubana, uvimbe ukapotea machoni huku utumbo ukiendelea kunyongwa usikoonekana. Mgonjwa hurudi nyumbani akidhani amepona, kisha siku ya pili analetwa hoi.

Andika saa uvimbe ulipogoma, saa alipotapika mara ya kwanza, mara ya mwisho alipotoa hewa au choo, na mara ya mwisho alipokula. Mambo haya manne yanamsaidia daktari wa zamu kuliko maelezo marefu. Taja pia dawa anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda.

Huko atawekewa dripu, mrija wa puani wa kutoa maji yaliyojaa tumboni, na dawa ya maumivu. Kama muda ni mfupi na hakuna dalili ya utumbo kufa, daktari anaweza kujaribu kuurudisha kwa mikono taratibu baada ya dawa ya maumivu kufanya kazi. Ukirudi, mgonjwa bado hubaki akiangaliwa, na ngiri hushonwa mapema kabla haijanasa tena. Ukikataa, au zikiwepo dalili za hatari, ni upasuaji moja kwa moja. Daktari wa upasuaji hulegeza shingo, huuangalia utumbo, huufunika kwa vitambaa vyenye maji ya uvuguvugu na kungoja. Rangi ikirudi ya waridi na utumbo ukaanza kucheza, unarudishwa. Rangi isiporudi, utumbo unakatwa.

Kama yako bado inaingia na kutoka

Basi una nafasi ya kuamua kwa utulivu, na si lazima uogope. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuata wanaume wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua sana. Waliopatwa na dharura wakiwa wanasubiri walikuwa chini ya wawili kwa kila watu 1000 kwa mwaka. Mwanamume wa namna hiyo anaweza kusubiri, mradi anazijua dalili. Ila wengi wao hatimaye walifanyiwa upasuaji kwa sababu maumivu yaliongezeka, kwa hiyo kusubiri ni kuahirisha.

Hesabu hiyo si ya kila mtu. Haimhusu mwanamke, wala mwenye ngiri ya paja. Haimhusu mtoto mchanga, ambaye ngiri yake hunasa kwa urahisi, hasa akiwa njiti. Mtoto anayelia bila kunyamaza, anayekataa kunyonya na ana uvimbe mgumu kinenani apelekwe saa hiyohiyo. Na yule ambaye ngiri yake imewahi kunasa hata mara moja, ikarudi kwa shida, asirudi kazini kuiangalia. Apangiwe tarehe.

Hakuna dawa ya kumeza au ya kupaka inayoziba tundu la ukuta wa tumbo. Mkanda huishikilia tu. Upasuaji wa kawaida hurudisha kilichotoka na kuimarisha ukuta, kwa watu wazima mara nyingi kwa wavu maalumu unaoshonewa juu ya sehemu dhaifu. Kwa wengi unaweza kufanyika kwa ganzi ya pale pale na mtu akarudi kwake siku hiyohiyo. Kabla ya hapo, tibu kikohozi, tibu kufunga choo, na mzee anayejikamua kupata mkojo aangaliwe tezi dume. Vinginevyo mshono mpya utapigwa na presha ileile iliyotoboa ukuta wa zamani.

Baada ya upasuaji tembea siku ileile, ila mizigo mizito iache kwa wiki nne hadi sita. Uvimbe laini na michubuko hadi kwenye mfuko wa korodani ni jambo la kawaida siku za mwanzo, na hupungua wenyewe. Rudi haraka kama kidonda kinatoa usaha, kama una homa, kama mkojo umekataa kutoka, au kama uvimbe mpya unajitokeza ukikohoa mahali palepale palipokuwa na ule wa zamani.